Kiwanda cha samaki cha bilioni 1: tukope nusu au tuchange yote?

Mchangaji_Ilemela: Wadau, tuko watano tunafungua kampuni ya kuchakata sangara hapa Mwanza, inahitaji bilioni 1. Mwenzetu mmoja anasema tukope nusu benki, mwingine kasoma uchumi anasema wasomi walishathibitisha mkopo au hisa thamani ya kampuni ni ileile. Nani yuko sahihi?

Kaka_wa_Igoma: Kopeni tu. Chukulia kiwanda kinaingiza milioni 200 kwa mwaka kabla ya riba. Mkichanga yote mnapata 20% ya hela yenu. Mkikopa milioni 500 kwa riba ya 14%, benki inachukua 70, mnabaki na 130 juu ya milioni 500 zenu, hiyo ni 26%. Sasa hapo mnajadili nini?

Mhasibu_Nyamagana: Hesabu yako iko sawa kaka ila umeangalia mwaka mzuri peke yake. Sangara wakiadimika kiwanda kikaingiza milioni 90, wasiokopa wanapata 9% na nyie mliokopa mnabaki na 20 tu, yaani 4%. Ile 26% ni malipo ya hatari mliyoibeba, sio utajiri mpya. Na mtu akiitaka hiyo 26% hahitaji kampuni imkopee, anachukua milioni 100 zake, anakopa 100 nyingine kwa 14% hiyohiyo, ananunua hisa za kiwanda kisicho na deni, anapata 40, analipa riba 14, inabaki 26. Ndo hoja ya wale wasomi, Modigliani na Miller, ya mwaka 1958. Milioni 200 zimetoka kwa sangara walewale, mkizigawa kati ya benki na wenye hisa haziongezeki hata shilingi. Ila walisema hivyo kwa dunia isiyo na kodi, isiyo na gharama za kufilisika, na mtu binafsi anakopa kwa riba sawa na kampuni. Hapa mjini nani anapewa hiyo riba?

Mama_Dagaa_Kirumba: Mi nilikopa kikundi nikanunua dagaa, mvua ikanyesha wakiwa kwenye kichanja, rejesho likabaki palepale. Afu watu husema mkopo unapunguza kodi, mbona yangu haikupungua hata senti?

Mhasibu_Nyamagana: Pole sana mama. Wewe unalipa kodi ya makadirio, inakatwa kwenye mauzo, kwa hiyo riba uliyolipa haiingii popote kwenye hesabu. Kampuni inakatwa 30% ya faida, na faida inahesabiwa baada ya kutoa riba, ila gawio la wenye hisa halitolewi kabla ya kodi. Rudi kwenye kiwanda: bila deni kodi ni milioni 60, wenye mali wanabaki na 140. Wakiwa na deni kodi ni 30% ya 130, sawa na 39, kwa hiyo benki na wenye hisa jumla wanabaki na 161. Milioni 21 kila mwaka zimetoka TRA zikahamia kwao. Wale wasomi wenyewe walirudi mwaka 1963 wakarekebisha hilo.

Kaka_wa_Igoma: Si ndo nilichosema! Basi wakope 90% kabisa.

Nilikuwa_Stoo: Kaka subiri kwanza. Nilifanya kazi kiwanda kimoja (sikitaji) kilichozidiwa na madeni, na hakikuanza kufa siku ya mnada. Mawakala walisikia tu benki imeandika barua, kesho yake kila mmoja anataka kesh kabla samaki hajapanda mzani, zamani walikuwa wanasubiri wiki mbili. Hela ya kesh hakuna, samaki wazuri wakaenda kwa jirani. Kompresa ya chumba cha baridi ikaanza kupiga kelele, bosi akasema rejesho kwanza, ikazima usiku, tukarundika barafu mpaka asubuhi na mzigo ukashuka daraja. Mafundi wazuri wakaondoka. Ziwa lilikuwa halijabadilika, deni ndo liliharibu biashara.

Mhasibu_Nyamagana: Hapo ndo penyewe. Hasara hizo mnazilipa nyie wenye hisa hata kabla hamjakwama, maana benki ikiona hatari inapandisha riba mapema. Halafu mwaka ambao hakuna faida, hiyo nafuu ya kodi nayo hamuipati mwaka huo, mnabeba hasara kwenda mbele. Kwa hiyo kopeni mpaka pale ambapo milioni 100 nyingine inaongeza hofu ya kukwama kuliko inavyookoa kodi. Kwa sangara mi nisingefika nusu. Mtambo wa minofu ukipigwa mnada nani mwingine ataununua? Jengo la kupangisha pale mjini lingebeba deni zaidi.

Kaka_wa_Igoma: Nusu unaitoa wapi, una fomula?

Mhasibu_Nyamagana: Sina. Nilichofanya nimechukua ile milioni 90 ya mwaka mbaya nikatoa riba 70, ikabaki 20, na hapo rejesho la mkopo wenyewe halijaguswa. Kwa deni la milioni 300 riba ni 42, inabaki 48.

Mchangaji_Ilemela: Mwenzetu anayetaka tukope benki anasema mwaka mbaya sio 90, ni 120. Tunaenda soko la Mwaloni kesho kuwauliza mawakala wa zamani miaka mibaya ilikuwaje.