Naomba ushauri: niache shule binafsi niende serikalini Kakonko?

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha fizikia na hesabu shule binafsi hapa Arusha. Nalipwa laki tisa, chumba na umeme ni vya shule. Sasa nimepangiwa kazi serikalini, Kakonko, Kigoma, daraja TGTS D. Mshahara ni pungufu, na humo bodi ya mikopo inachukua asilimia 15. Nyumba za walimu hazitoshi, nitapanga.

Kinachonisukuma kuondoka ni mkataba. Wangu ni wa mwaka mmoja mmoja. Kila Novemba nalala nikiwaza kama Januari nitaitwa. Wiki iliyopita niliangalia taarifa yangu ya NSSF: miezi mitano haijaingia kitu, ilhali kwenye salari slipu makato yapo. Nimeumia sana.

Hofu yangu ni uhamisho. Mke wangu ni nesi hapa Arusha, mtoto ana miezi minane. Mliohama kufuata mwenza, mlikubaliwa kabla ya miaka mitatu? Na wa kubadilishana naye mlimpataje, hasa wa sayansi? Pia, hiyo michango niidai kabla sijaacha kazi au baada? Naomba mnisaidie, siku za kuripoti zinaisha.