Naomba ushauri: kapasita na indakta pale swichi inapofunguka

Habari zenu wakuu. Nimekwama kwenye swali moja la saketi, naombeni msaada.

Betri ya volti 24 imefuatana na rezista ya omu 4, kisha indakta ya henri 0.5. Baada ya indakta kuna kapasita ya faradi 0.1 iliyoshuka hadi ardhi, na sambamba nayo rezista ya omu 8 yenye swichi. Swichi imefungwa muda mrefu, halafu inafunguliwa t = 0.

Kabla ya kufungua nilichukua indakta kama waya mtupu na kapasita kama njia iliyokatika. Nikapata mkondo wa ampea 2, na volti 16 kwenye kapasita. Hapo nina uhakika.

Shida ni mara tu swichi inapofunguka. Niliendelea kuona kapasita kama njia iliyokatika, nikaandika mkondo wake ni sifuri, mwalimu akakata. Nikirudia naona indakta bado inalazimisha ampea 2, na omu 8 haipo tena, kwa hiyo mkondo wote uingie kwenye kapasita, yaani dv/dt = 2/0.1 = 20 V/s. Lakini kuna mwenzangu anasema mwanzoni kapasita huwa ni shoti, nikachanganyikiwa zaidi.

Je, kwenye 0+ niweke chanzo cha volti 16 badala ya kapasita na chanzo cha ampea 2 badala ya indakta? Na ile kanuni ya shoti, inahusu kapasita isiyo na chaji tu?