Naomba ushauri: chapati za kugandisha au dagaa, huku Uingereza?

Wakuu habari zenu, niko Leicester nataka kuanza kabiashara kadogo ka kuwauzia wabongo wenzangu, wazo la kwanza lilikuwa dagaa wa Mwanza ila nimegundua kubeba kwenye begi ni kwa kula mwenyewe tu, ukitaka kuuza inabidi watoke kiwanda kilichoidhinishwa na wakaguliwe mpakani, mtaji huo sina. Sasa nawaza chapati na sambusa za kugandisha napikia home, kusajili biashara ya chakula kansoo, yaani halmashauri ya hapa, ni bure ila unajisajili siku 28 kabla ya kuanza. Viza yangu hainibani kufanya biashara, ningekuwa na ya mwanafunzi ningeshakwama. Waliofanya hii, mnauza kwa oda za watsapu au mnapeleka dukani? Na chapati zisigandane kwenye friza mnafanyaje?