C imemfanya dada yangu aitwe mwizi: jumla inazidi elfu ishirini na kitu kila siku, na kila siku ni kiasi kingine!

Mtoto_wa_Tandika (mwenye uzi)

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira na lugha ya C, na aliyenifundisha chuoni, na mwenyewe pia, sijui nianze na nani.

Dada yangu, binti wa shangazi, ni keshia kwenye duka la vyombo pale Kariakoo. Tajiri wake alitaka programu ndogo tu: mauzo yameandikwa kwenye faili, bei moja kila mstari, jioni kompyuta ijumlishe na keshia akabidhi fedha. Nikaandika. Kwangu nyumbani nimeijaribu wiki tatu, haijakosea hata senti. Nikabeba `duka.c` kwenye flashi, nikaipeleka dukani, nikaikompaili kwenye mashine yao:

```
gcc duka.c -o duka
```

Hakuna onyo, hakuna kosa, kimya kabisa. Jumatatu jioni kompyuta ikasema 896,433. Dada ana 874,500 mkononi. Pungufu 21,933. Tajiri akakata kwenye mshahara. Jumanne pungufu 22,018. Jumatano 21,871. Tajiri akaanza kusema "huyu binti ana utaratibu wake, kila siku anachota elfu ishirini na kitu." Mbele ya wateja!

Jana nimekaa na faili la Jumatatu, nikajumlisha kwa kikokotoo. 874,500. Nikaendesha programu tena kwenye faili lile lile: ikatoa kiasi cha tatu, si cha Jumatatu wala cha dada. Faili halijaguswa! Kijisehemu chenyewe hiki hapa, mniambie kosa liko wapi:

```c
int jumlisha(FILE *f)
{
    int jumla, bei;
    while (fscanf(f, "%d", &bei) == 1)
        jumla += bei;
    return jumla;
}
```

Na kinachonichoma zaidi: nikiweka `printf` moja kabla ya kuita `jumlisha`, hesabu inatoka sawasawa. Nikiitoa, uongo unarudi. Hii ni kompyuta au mganga?

Kobe_wa_Buguruni

Mkuu, duka la Kariakoo linatakiwa kuwa na mashine ya EFD. Hizo programu za flashi mtapigwa faini bure. Mimi jirani yangu yalimkuta.

Mtoto_wa_Tandika

Mashine ya risiti wanayo. Hii ni ya hesabu za ndani. Tafadhali tusitoke kwenye mada.

Sadiki_Msimbo

Haiwezekani kosa likawa hapo. C inaweka sifuri yenyewe kwenye variabo ambayo hukuipa kitu. Nimeandika C miaka minne, sijawahi kuandika `= 0` na sijawahi kupata takataka. Angalia faili lako, huenda kuna mstari uliofichika mwishoni.

Mama_Rejista

Sadiki, nina hakika variabo zako unaziweka juu kabisa ya faili, nje ya fanksheni zote. Hizo kweli huanza na sifuri, na zenye `static` pia. Ya mwenzetu iko ndani ya fanksheni. Hiyo hakuna anayeisafisha. Inapewa nafasi kwenye staki, na nafasi hiyo ina kilichoachwa na fanksheni iliyopita. Ni kama kupanga chumba Mbagala: ukifungua mlango unakuta ndoo na kandambili za aliyehama.

Mwenye uzi, kabla ya kukwambia zaidi naomba jambo moja. Nyumbani uliikompaili kwa amri ile ile ya dukani?

Mtoto_wa_Tandika

Nyumbani nina `Makefile`, ndani yake kuna `-O2`. Dukani niliisahau, nikaandika amri kwa mkono. Lakini `-O2` si ya kuongeza kasi tu? Kasi inahusiana vipi na elfu ishirini na mbili za watu?

Mama_Rejista

Inahusiana sana. Bila `-O`, `gcc` inaiweka `jumla` kwenye staki, na kila `+=` inasoma pale na kuandika pale. Kwa hiyo unaanza na kandambili za aliyehama. Kwa `-O2`, `jumla` inakaa kwenye rejista ya prosesa, na kwako ikaanza na sifuri. Bahati tu. Si kwamba `-O2` imekutengenezea. Badilisha kompaila au ongeza mstari mmoja mahali pengine, na bahati inaweza kuisha. `printf` yako nayo haikutibu kitu. Ilipita kwenye staki ile ile na kuacha sifuri mahali palipokuwa na takataka.

Sasa tazama pungufu zako tatu. Ziandike kwa msingi wa kumi na sita:

```
21933 = 0x55AD
22018 = 0x5602
21871 = 0x556F
```

Zote zinaanza na 55 au 56. Mashine ya dukani ni Linux ya biti 64, siyo? Huko programu yako hupakiwa kwenye anwani zinazoanzia 0x5555 na kitu hadi 0x5655 na kitu, na mfumo unaichagulia mahali papya kila inapoanza, makusudi, ili wadukuzi wasijue ilipo. Anwani ni baiti nane, `int` yako ni baiti nne. `jumla` yako imeangukia nusu ya juu ya anwani ya zamani iliyoachwa kwenye staki. Ndiyo maana wizi wa dada yako hauwezi kushuka chini ya 21,845 wala kupita 22,101. Mwizi gani ana adabu hiyo?

Mtoto_wa_Tandika

Subiri. Subiri kidogo. 21,845 naijua! Usiku wa jana niliiendesha ndani ya `gdb`, mara nane, na mara zote ilizidi 21,845 kamili. Nikasema basi kuna namba nimeiandika mahali, nikaitafuta kwenye msimbo mpaka saa nane usiku.

Mama_Rejista

Pole baba. `gdb` huzima ule uchaguzi wa anwani mpya ili kazi ya kutafuta makosa iwe rahisi. Kwa hiyo programu hupakiwa 0x5555 kila mara, na 0x5555 ndiyo 21,845. Ukitaka uone hali halisi, mle ndani andika `set disable-randomization off`, kisha `run` mara kadhaa.

Binti_Kigamboni

Mimi yangu ni kubwa kuliko hiyo. Natumia Visual Studio, na variabo isiyo na thamani inanipa -858993460, kila siku, kila mashine. Kwa hiyo kwenye Windows takataka ni moja? Naona hiyo ni nzuri, unaizoea ukiiona.

Mama_Rejista

Hiyo si takataka, dada. Ukiwa kwenye Debug, kompaila ya Microsoft inajaza variabo za ndani baiti za CC makusudi, na CC nne mfululizo zikisomwa kama `int` ndizo hiyo -858993460. Wamekuwekea king'ora. Ukihamia Release king'ora kinaondoka na unabaki na bahati nasibu kama mwenzako.

Sadiki_Msimbo

Nakubali yangu zilikuwa nje ya fanksheni, nimeangalia. Basi suluhisho ni rahisi: aandike `static int jumla`. Sifuri ya bure, hakuna haja ya kubadilisha kingine.

Mtoto_wa_Tandika

Nimeiweka. Inatoka sahihi! Ahsante Sadiki. Nitaongeza na zamu mbili, asubuhi na jioni, kila moja na faili lake.

Mtoto_wa_Tandika

Narudi na hasira mpya. Asubuhi 412,500, sahihi. Jioni faili lina 638,000, programu inasema 1,050,500. Sasa mnataka keshia wa jioni naye aitwe mwizi?

Mama_Rejista

Ndiyo kazi ya `static`: sifuri inawekwa mara moja tu programu inapoanza, halafu variabo inakumbuka. Mwito wa pili umeendelea pale wa kwanza ulipoishia. Toa `static`, andika `int jumla = 0;` na uachane nayo.

Mtoto_wa_Tandika

Nimefanya. Zamu zote mbili sahihi. Ila swali langu la hasira bado liko pale pale: kwa nini `gcc` ilinyamaza? Nimejaribu hata `-Wall` kwenye ile ya zamani. Kimya!

Mama_Rejista

Uliiweka `-Wall` bila `-O2`. Kwa mstari ulionyooka `gcc` ingeona. Kwako kuna mzunguko: duru ya kwanza `jumla` haina kitu, duru zinazofuata inacho, na kwa mashaka ya namna hiyo `gcc` haichunguzi mpaka uwashe uboreshaji. Jaribu ile ya zamani kwa zote mbili:

```
gcc -Wall -O2 duka.c -o duka
```

Mtoto_wa_Tandika

`may be used uninitialized`. Imesema. Yaani nyumbani nilikuwa na `-O2` bila `-Wall`, dukani sina zote, na jana nina `-Wall` bila `-O2`. Nimezunguka nyumba nzima nikikwepa mlango.

Ile ya zamani bila `-O2` nimeiendesha na `valgrind --track-origins=yes` pia. Inalalamikia `printf`, si mstari wa kujumlisha. Nayo imechanganyikiwa?

Mama_Rejista

Haijachanganyikiwa. Inakuacha uibebe takataka na kuijumlisha utakavyo. Inapiga kelele pale tu programu inapofanya uamuzi kwa kuitegemea, na `printf` lazima iamue inaandika tarakimu ngapi. Shuka chini kwenye maelezo yake, utaona imesema thamani ilizaliwa kwenye staki ndani ya `jumlisha`.

Kobe_wa_Buguruni

Kwa nini hawa wenye kompaila wasiweke sifuri kila mahali yaishe? Ni mstari mmoja.

Sadiki_Msimbo

Upo huo mstari. `gcc` kuanzia toleo la 12 ina `-ftrivial-auto-var-init=zero`. Mimi kuanzia leo naiweka kila mahali.

Mama_Rejista

Mimi siiweki kwa mradi mpya. Sifuri ikificha kosa la variabo iliyotakiwa kuanza na moja, utapata hesabu isiyo sahihi ileile kila siku, na hakuna atakayeshtuka. Heri takataka inayobadilika, angalau inatia shaka.

Sadiki_Msimbo

Mwambie hivyo keshia aliyekatwa mshahara.

Mtoto_wa_Tandika

Nimetoka dukani sasa hivi. Nimemwendeshea tajiri programu ya zamani mara tano kwenye faili la Jumanne, mbele ya dada. Namba tano tofauti. Tajiri akakaa kimya, akauliza "kwa hiyo ipi ndiyo yenyewe?" Nikamwambia hakuna hata moja. Amerudisha ya Jumatatu na Jumanne. Ya Jumatano amegoma, faili lake lilifutwa kwenye ile mashine na anasema siku hiyo moja huenda alichukua kweli.