Chanja za dagaa: saba, kumi au kumi na nne?

Mwanamke_Mangapwani
Assalamu alaikum. Sisi ni kikundi cha kina mama, tunanunua dagaa pwani, tunachemsha kwa maji ya chumvi kisha tunaanika. Mpaka sasa tunaanika juu ya turubai chini, na wanunuzi wanaopeleka Kongo wanatukata bei kwa ajili ya mchanga. Tumeamua kujenga chanja.

Giza la mwezi likikolea tunachukua ndoo 12 kwa siku, za lita 20. Tumezipima, ndoo moja ni kama kilo 20 za dagaa wabichi, kwa hiyo kilo 240. Kila chanja tunataka iwe na urefu wa mita 10 na upana wa mita 1.2, ili mtu afikie katikati akiwa amesimama upande wowote. Hapo chanja moja ni mita za mraba 12.

Ubishi uko kwenye idadi. Fundi anasema chanja 7 zinatosha tukianika wembamba. Mwenzetu mmoja anasema 7 zinatosha hata dagaa wakichukua siku mbili, ila tuanike mnene. Mimi nahofia tunahitaji 14, na pesa ya mivinje na wavu kwa 14 hatuna. Nani mkweli?

Mchuuzi_wa_Kama
Waalaikumu salaam dada. Muungeni mkono huyo mwenzenu. Kuanika mnene si vibaya mkiwa na watu wa kugeuza. Dagaa wakigeuzwa kila baada ya saa moja, wa chini wanakuja juu, wanakauka sawasawa. Sisi hatuna nafasi pwani na tunafanya hivyo. Chanja 7 zinatosha.

Bi_Kaskazi
Dada wa Mangapwani, kabla ya kuhesabu chanja, ondoa kilo 240 kwenye hesabu. Chanja haibebi dagaa wabichi, inabeba waliokwisha chemshwa na kuchuja maji. Chemsheni ndoo moja, mwache ichuje vizuri, mpime tena. Halafu mwanike ndoo hiyo kwa unene mnaoutaka na mpime kwa futi imefunika urefu gani. Namba itakayotoka hapo ni ya mikono yenu na dagaa wenu, na ndiyo ya kuaminiwa kuliko yangu.

Mwanamke_Mangapwani
Tumefanya leo asubuhi. Ndoo iliyochemshwa na kuchujwa imetoka kilo 16 na robo tatu hivi. Tumewatandaza tabaka moja, samaki kwa samaki wanagusana lakini hawapandiani, kwenye turubai tuliyoikunja ikawa upana wa mita 1.2. Wamefika urefu wa mita tano na nusu na kitu.

Bi_Kaskazi
Vizuri sana. Basi ndoo 12 ni kilo 200 za dagaa waliochemshwa, na mita moja ya mraba inachukua kilo 2.5. Gawanya 200 kwa 2.5, unapata mita 80. Fundi wenu amefika hapo akasimama, ndiyo chanja zake 7.

Alichokiacha ni siku. Chanja haiachwi wazi asubuhi kwa sababu tu mashua zimerudi. Dagaa wa jana wakiwa bado hawajakauka, wa leo wanakwenda wapi? Kwa hiyo mita 80 unazizidisha kwa siku ambazo dagaa wanalala juu ya chanja. Jua kali la kaskazi na upepo, pengine wanakauka siku hiyo hiyo, na fundi anakuwa sahihi. Wakichukua siku mbili ni mita 160, yaani chanja 14. Hofu yako ina msingi.

Sasa hoja ya kuanika mnene. Mwenzenu anafikiri hivi: nikiweka kilo 5 badala ya 2.5, dagaa wa siku moja wanakaa kwenye mita 40, wa siku mbili mita 80, tumeokoa nusu. Hesabu ingekuwa sawa kama siku zingebaki mbili. Hazibaki. Kilo 200 za waliochemshwa zikikauka vizuri hubaki kama kilo 70, maana yake kilo 130 za maji zinatakiwa zipande hewani. Ukianika wembamba, kila mita inatoa kilo moja na nusu na ushei. Ukianika mnene, mita ile ile inatoa zaidi ya kilo tatu, na jua linalopiga juu yake ni lile lile, upepo ni ule ule. Siku mbili zinakuwa tatu au nne. Zikiwa nne, mita 40 mara 4 ni 160. Umerudi kwenye chanja 14, tena na dagaa wabaya zaidi.

Mchuuzi_wa_Kama
Bi, na kugeuza je? Mie naona kunasaidia kwa macho yangu.

Bi_Kaskazi
Kunasaidia, sikukatalii. Kunagawa unyevu, asiwepo aliyekauka kama kijiti na mwenzake wa chini akawa bado laini. Lakini hakuongezi jua. Na dagaa aliyechemshwa kichwa chake ni chepesi kutoka, hasa saa za mwanzo akiwa bado na maji. Kila ukimgeuza unavunja. Angalia chini ya chanja zako jioni, utaona vichwa na vipande, na hivyo ni uzito uliokwisha ununua. Anayeanika wembamba juu ya wavu anapata upepo wa chini pia, anageuza mara mbili tatu kwa siku, basi.

Tumbe_Baharini
Salaam kutoka Pemba. Naona mnazungumzia kilo kwa mita, lakini mimi naanika ng'onda, changu na papa waliopasuliwa na kutiwa chumvi, na kwangu hesabu hiyo haikubali. Mita moja inabeba kilo nyingi na bado samaki wanachukua siku nyingi. Nami nikitumia 2.5 nitahitaji chanja za kufunika kijiji. Mbona hamsemi chumvi iwe kiasi gani?

Bi_Kaskazi
Kaka wa Tumbe, swali lao ni la dagaa wa kuchemsha. Kwako wewe samaki hapandiani na mwenziwe hata kidogo, kwa hiyo unene wa kutandaza haupo. Kinachokuchelewesha ni unene wa nyama yenyewe, maji ya katikati yana safari ndefu mpaka yatokeze juu. Njia ya kuhesabu ni ile ile, kilo za siku, gawa kwa kilo zinazokaa kwenye mita, zidisha kwa siku za kukaa. Ila namba zote mbili uzipime kwenye ng'onda wako, usiazime za dagaa. Chumvi ifungulie mada yake, ni habari ndefu.

Fundi_Mivinje
Mimi ni fundi wa mbao na chanja nimezijenga nyingi. Nawaomba msisahau njia. Chanja 14 zinataka baina yake uwazi wa kupita mtu na beseni, angalau sentimita 80. Mita 1.2 ya chanja na 0.8 ya njia ni mita 2, mara urefu wa 10, kila chanja inakula mita 20 za ardhi. Chanja 14 ni mita 280 za kiwanja kabla hamjaweka majiko. Wengi huwa na pesa ya miti na hawana kiwanja. Na zisipangwe zikakingana upepo.

Mwanamke_Mangapwani
Kiwanja chetu hakifiki mita 280 kikitoka jiko. Basi tupunguze ndoo?

Bi_Kaskazi
Ipo njia ya katikati, nayo ndiyo ningeichagua. Anikeni wembamba siku ya kwanza, siku ya pili muunganishe.

Dagaa siku ya kwanza ndipo anapotoa maji mengi. Jua likiwa zuri, zile kilo 200 jioni zinakaribia 110, na amesinyaa. Asubuhi ya pili hahitaji tena mita 80, anatosha kwenye chanja 3. Kwa hiyo alfajiri mashua zikirudi, kabla ndoo ya kwanza haijatoka jikoni, waunganisheni wa jana kutoka chanja 7 waingie 3. Zile 7 zifagiliwe zipokee wa leo. Jumla chanja 10, mita 120, na ardhi ya mita 200.

Ina sharti. Unaunganisha ikiwa tu dagaa amekauka nje. Mchukue konzi moja, ubane kiganjani halafu uachie. Wakitawanyika wenyewe, endelea. Wakishikana, au tumbo likibonyea kwa kidole na kidole kikaja na unyevu, ukiwarundika watapata joto na kuanza kunuka kabla ya adhuhuri, na ile rangi ya fedha itageuka njano.

Mchuuzi_wa_Kama
Na siku ya mawingu? Hapo ndipo mnapokwama nyote wenye chanja chache.

Bi_Kaskazi
Swali zuri. Mawingu yakitanda, wa jana wanabaki kwenye chanja zao 7, zinabaki 3 tu wazi, mita 36. Mara 2.5 ni kilo 90 za waliochemshwa, kama ndoo tano. Basi kesho yake asubuhi mnanunua ndoo tano, hata mashua zikija zimejaa na bei imeshuka. Hapo ndipo watu wanapoponzwa, bei ikishuka wananunua, na chanja hazipo. Ninyi mna bahati kwamba ni wanunuzi, mnaweza kusema tano. Mwenye mashua yake hawezi, dagaa wote ni wake, huyo ningemwambia ajenge 14 au akubaliane na jirani.

Masika msitegemee kuunganisha kabisa. Hesabuni siku tatu, chanja 10 gawa kwa tatu, ni chanja tatu na kidogo kwa siku, ndoo tano hadi sita.

Mwanamke_Mangapwani
Hii nimeielewa. Tutajua vipi wamekauka kweli, tusiseme tu kwa macho?

Bi_Kaskazi
Pimeni. Chukueni kilo moja kamili ya waliochemshwa na kuchujwa, mwatie kwenye kipande cha wavu peke yao, mwaanike katikati ya wenzao kwa unene ule ule. Kilo hiyo ikifika gramu 350 hivi, chanja yote iko tayari. Ikisimama kwenye 450, hata kama juu wanang'aa, ukiwafunga kwenye magunia wataota ukungu njiani. Na mkono uwe shahidi wa pili: aliyekauka anakatika kwa mlio, hapindi.

Fundi_Mivinje
Usiku mnawafanyaje? Wengine wanawaacha juu ya chanja na kufunika turubai, mimi naona turubai linatoa jasho.

Mchuuzi_wa_Kama
Sisi tunawakusanya kwenye matenga, tunaingiza bandani.

Bi_Kaskazi
Matenga kwa wa siku ya kwanza mimi siyapendi, wanabanana wakiwa na maji. Nawafunika palepale wakishapoa, turubai likiinuliwa kwa fito lisiwaguse. Lakini nimeona watu wa matenga wakitoa dagaa wazuri pia, hasa banda likiwa na upepo.

Mwanamke_Mangapwani
Ahsanteni. Tunaanza na chanja 7 kabla ya giza lijalo, tunanunua ndoo sita kwa siku, na 3 tutaziongeza tukipata pesa. Fundi, ukiweza nitumie ujumbe kuhusu bei ya mivinje.

Fundi_Mivinje
Nakutumia jioni. Pima kwanza kiwanja upande upepo wa kusi unakoingilia, tutapanga kwa huo.