Ameipima laptopu yangu kwenye mizani ya dagaa

Mwalimu Chaki (mleta uzi)

Wanajukwaa, naandika haya mikono ikiwa bado inatetemeka. Yule fundi mnamjua, yule wa ghorofa ya pili aliyezungukwa na maiti za kompyuta kama mlinzi wa makaburi, kwa hiyo sitamtaja. Leo asubuhi nimempelekea laptopu yangu ambayo taa zake zinawaka na feni inazunguka, lakini kioo kinabaki cheusi. Hakuifungua. Hakuuliza hata ina tatizo gani. Aliibeba mpaka kwa jirani yake anayeuza dagaa, akaiweka juu ya mizani mbele ya wateja wasiopungua elfu moja, akatangaza kwa sauti ya mnadani: "Kilo mbili na robo. Mwalimu, kwa bei ya chuma chakavu, hii inakutosha nauli ya kurudi nyumbani."

Watu walicheka mpaka muuza dagaa akashika nguzo. Ndani ya mashine hiyo mna mitihani ya kidato cha tatu na alama za wanafunzi 140, na sasa inanuka Ziwa Victoria zima.

Nisingelalamika kama angekuwa mgeni kwenye mashine hii. Niliinunua mwaka 2021 kwa shilingi 650,000, na ilipoanza kupoteza picha huyu huyu ndiye aliyeichoma madabodi kwa hewa ya moto, mara tatu, kila mara kwa shilingi 80,000. Wakati huo hakukuwa na mizani. Naomba mnieleze: laptopu ya miaka 5 inapimwaje kwa kilo? Inapaswa kuishi miaka mingapi?

Popo Mchana

Mwalimu, pole sana. Naomba kuuliza tu, dagaa nao walikuwa kilo ngapi?

Kijana wa Bei

Mkuu, jibu ni fupi. Laptopu yoyote ikifika miaka 5 imekwisha, hata kama bado inawaka, na fundi wako amekusaidia bure. Isitoshe, Windows 10 ilikoma kupata matunzo tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyokubali Windows 11 ni marehemu anayetembea.

Mzee Kobe

Kijana, ninaandika maneno haya kwa laptopu iliyotengenezwa mwaka 2012. Niliiwekea Linux baada ya Windows kuniringia, nikatoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD, na inafungua barua zangu kabla chai haijapoa. Marehemu anakusalimu.

Mwalimu Chaki

Asante, Mzee wangu, umenipa nguvu. Kama ya mwaka 2012 inaishi, ya kwangu ya mwaka 2021 ilipelekwa kwenye mizani kwa kosa gani? Na kumbukeni kwamba mizani yenyewe haikufutwa kwanza.

Mama Waya

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri, na pole kwa aibu uliyoipata. Nimetunza maabara ya kompyuta ya chuo kwa miaka 15, kwa hiyo naomba nikuulize jambo moja kabla hatujamhukumu mtu. Hiyo laptopu uliinunua mwaka 2021, lakini ilitengenezwa lini? Igeuze usome kibandiko cha chini, au kilicho chini ya betri kama betri inatoka. Kama hakuna tarehe, angalia jina la prosesa kwenye karatasi za manunuzi.

Kijana wa Bei

Au aangalie tarehe ya BIOS, ile programu inayoiamsha mashine. Ile haidanganyi.

Mama Waya

Inadanganya, kijana wangu. BIOS ikisasishwa, tarehe inayoonekana ni ya sasisho. Nimewahi kuona mashine ya mwaka 2013 inayojitangaza kuwa ya mwaka 2019. Jina la prosesa ndilo gumu kughushi, kwa sababu namba inayofuata kistari inaeleza kizazi: i5-4 na kuendelea ni kizazi cha 4, i5-8 ni cha 8.

Mwalimu Chaki

Kibandiko kinasema 2014. Risiti imeandikwa i5-4210M. Muuzaji aliniapia kwamba ilikuwa mpya, tena kwa jina la mama yake mzazi.

Popo Mchana

Kwa hiyo mama yake naye ni mtumba.

Mama Waya

Basi hesabu yako ndiyo iliyokosea mwanzo. Hukuwa na laptopu ya miaka 5. Una laptopu ya miaka 12, na 7 ya kwanza iliishi kwenye ofisi ya mtu mwingine, pengine ikiwaka kuanzia asubuhi mpaka jioni. Wengi wetu tunanunua mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo, kisha tunaanza kuhesabu umri siku tulipozilipia, kama mtu anayemuoa mjane akadai umri wa bibi harusi umeanza siku ya harusi.

Ukiniuliza miaka mingapi, mimi hukadiria hivi. Laptopu ya bei ya chini, yenye ganda la plastiki na bawaba nyembamba, nikipata miaka 4 bila matengenezo makubwa nashukuru. Ile iliyoundwa kwa matumizi ya ofisi, yenye sehemu zinazofunguka na vipuri vinavyopatikana, naitarajia miaka 7 au 8, na ikipata SSD na betri mpya njiani inaweza kupita hapo. Vyote vinahesabiwa tangu ilipotoka kiwandani.

Lakini umri peke yake hauui, na hapo Mzee Kobe ana haki. Kinachoamua ni mahali ugonjwa ulipo. Betri, diski, feni na kibodi ni kama matairi: vinachakaa, vinabadilishwa, safari inaendelea. Madabodi ndiyo chasisi. Ugonjwa wako uko kwenye chipu ya picha iliyoshikizwa kwenye madabodi. Kuichoma kwa hewa ya moto huifanya iamke kwa muda bila kuondoa kilichoiharibu. Niambie, kila ilipochomwa ilidumu muda gani?

Mwalimu Chaki

Mara ya kwanza miezi 7. Mara ya pili miezi 3. Mara ya mwisho wiki 5, ikafa katikati ya swali la 4 la mtihani wa jiografia. Lakini fundi wa ng'ambo ya barabara amekubali kuichoma tena kwa 80,000, na hana jirani muuza dagaa.

Mama Waya

Miezi 7, miezi 3, wiki 5. Ungekuwa unamfundisha mwanafunzi kukamilisha mfululizo huo, angekuambia nini?

Tufanye hesabu kwa upendeleo. Tuseme safari hii itadumu miezi 2, ambayo ni zaidi ya ilivyodumu mara ya mwisho. Shilingi 80,000 kwa miezi 2 ni 40,000 kwa mwezi. Sasa chukua mashine iliyotumika yenye prosesa ya kizazi cha 8, ambayo inakubalika kwenye Windows 11. Tuseme utaipata kwa 540,000, na kwa kuwa nayo si changa, tuipe miaka 3 tu. Hiyo ni 15,000 kwa mwezi. Angalia kwamba sikuhesabu zile 240,000 ulizokwisha lipa. Hizo zimekwenda, na kuziingiza kwenye hesabu ndiko kunakomfanya mtu aseme "nimeshatumia nyingi, siwezi kuiacha sasa."

Mwalimu Chaki

Kwa hiyo unamtetea aliyeniweka kwenye mizani?

Mama Waya

Simtetei. Nadhani kosa lake kubwa halikuwa la leo. Ilipomrudia baada ya miezi 7 ikiwa na ugonjwa ule ule, alipaswa kukuambia kwamba hii haiponi, tena kwa sauti ya chini na mkiwa wawili. Alichukua 80,000 mbili zaidi, kisha akagundua ukweli mbele ya wateja wa dagaa.

Mzee Kobe

Mimi nitapinga kidogo. Kuna mafundi wanaobadilisha chipu yenyewe kwa mpya badala ya kuichoma, na nimeona mashine zilizoishi baada ya hapo. Asikimbilie kununua.

Mama Waya

Ni kweli, Mzee wangu, ila inategemea kama chipu ni mpya kweli au imetolewa kwenye maiti nyingine, na macho peke yake hayawezi kuitambua. Kwa mashine ya thamani kubwa ningejaribu. Kwa ya kizazi cha 4, gharama hiyo itakaribia nusu ya bei ya mashine nyingine, na nikifika nusu mimi huacha. Wengine huacha kwenye theluthi. Hapo kila mtu na mfuko wake.

Shangazi wa Tabora

Jamani, na mimi nimedhulumiwa. Yangu ina miaka 6, nikichomoa chaja inazimika baada ya dakika 40, na kuna kijana aliyeniambia nitupe ninunue mpya. Je, na mimi niipeleke kwenye mizani?

Mama Waya

Hapana, Shangazi, usithubutu. Fungua dirisha la amri uandike hivi:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue, tafuta Design Capacity na Full Charge Capacity, utuletee namba zote mbili.

Shangazi wa Tabora

Ya kwanza ni 48,000. Ya pili ni 19,200.

Mama Waya

Betri yako imebaki na asilimia 40 ya ujazo wake. Huo ni uzee wa betri tu. Ikibadilishwa, mashine inaendelea. Ila kama padi ya kugusa imeinuka au ganda limetuna, izime leo, usiichaji tena, na mtu asiitoboe, kwa sababu betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Kijana wa Bei

Na ikiwa nzito kufungua programu? Yangu nikibofya, naenda kuoga, narudi bado inawaza.

Mama Waya

Ina diski ya kuzunguka au SSD?

Kijana wa Bei

Inatoa mlio kama panya anayetafuna mkeka.

Mama Waya

Basi nakili kazi zako leo hii, kabla hujaandika ujumbe mwingine hapa. Mlio huo ni wa diski inayokufa. Ukishaweka SSD, uje utuambie kama bado unaamini miaka 5 ndiyo mwisho.

Mwalimu Chaki

Samahani, huu uzi ni wangu. Mitihani yangu je?

Mama Waya

Mitihani yako ni mizima, Mwalimu, kwa sababu kilichokufa ni picha na si diski. Diski itolewe, iwekwe kwenye kasha dogo la USB, uisome kwenye kompyuta yoyote ya shuleni. Kama ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, utahitaji ufunguo wake. Hata ukiiuza kwa kilo, usiuze na diski ndani yake.

Shangazi wa Tabora

Nimeangalia, padi yangu imeinuka kidogo upande wa kushoto. Nilidhani ndivyo ilivyoundwa.

Mama Waya

Shangazi, izime sasa hivi. Ujibu kwa simu.

Dereva wa Mbao

Mimi yangu ni bawaba. Kila fundi anamwaga gundi, na kila nikifungua kioo kinang'oka na kipande cha ganda. Wa mwisho ametoboa tundu akapitisha bolti ya kitanda.

Popo Mchana

Weka picha ya bolti.

Mwalimu Chaki

Kuna mtu anauza i5-8250U kwa 520,000. Hiyo ni ya 8, sivyo? Na je, Popo, ukijua dawa ya kutoa harufu ya dagaa kwenye kibodi, niandikie faraghani.