NIMEFUNGIWA NAMBA GARI LIKIWA LINAPAKIA VIAZI, NA ALIYEFANYA HIVI MNAMJUA

Mviazi wa Isyonje: Wakuu naandika mikono inatetemeka. Saa tatu asubuhi niko Uyole, gari linapakia, mteja wa Dar kashatuma laki nane ya kianzio tangu usiku, nafungua WhatsApp nimtumie picha ya mzigo nakuta namba yangu imefungiwa. IMEFUNGIWA. Kabla sijakaa sawa jamaa kapiga kawaida, mimi nimeshika daftari kwa hiyo spika iko wazi, anasema "bro umeshakula hela ndo ukapotea?" Wapagazi wote wakageuka. Miaka 11 nauza viazi, leo naitwa mwizi mbele ya wapagazi!

Aliyefanya mnamjua, wa kofia nyekundu, sina haja ya kumtaja. Juzi kaandika kwenye grupu "mripotini huyu tapeli", kisa nimeshusha bei elfu tano chini yake. Wakabonyeza kama wanapiga kura, mashine nayo bila hata kuniuliza ikanikata. Na spika ilikuwa wazi jamani.

Kilemba cha Gunia: Wewe si ndo yule magunia yako yana kilemba kirefu kuliko mlima Rungwe? Lumbesa imekurudia. Pole lakini.

Mama Parachichi: Ugonile mwanangu. Wakishafika watu kumi wa kukuripoti huponi. Tafuta watu hamsini waandike kwamba wewe mtu mwema watakufungulia.

Fundi wa Soweto: Mama, hiyo idadi ya kumi hakuna aliyeitangaza. Mviazi, hebu niambie, kabla ya kufungiwa ulituma nini na kwa watu wangapi?

Mviazi wa Isyonje: Bei mpya tu, jana jioni. Watu kama 180, namba nilizitoa kwenye grupu la madalali wa Dar, nakopi nabandika, nusu saa nikawa nimemaliza. Sasa hiyo ni kosa?

Fundi wa Soweto: Hapo ndipo. Mashine haisomi mnachoandikiana, meseji zimefungwa, inachoona ni mwendo wako. Namba moja, watu 180 ndani ya nusu saa, na wengi hawajaihifadhi namba yako. Hivyo hivyo ndivyo matapeli wanavyotuma. Halafu kati ya hao wengine wakakublok, wengine wakaripoti, na anayeripoti ndo anawapa wenye mtandao meseji zako za mwisho, kama tano hivi, na zako zilikuwa bei tupu. Wa kofia kaongeza kuni, ila moto uliuwasha wewe. Nani kakuangusha zaidi, hapo siwezi kukuapia.

Sasa tulia. Kwenye ile skrini ya kufungiwa kuna kitufe cha kuomba ukaguzi, bonyeza mara moja tu, zitakuja tarakimu 6 kwa meseji ya kawaida uthibitishe laini ni yako. Andika mistari mitatu: unauza viazi Mbeya, jana ulituma bei kwa watu 180 na wengine hawakujui, hutarudia. Ya wa kofia weka sentensi moja bila matusi. Usitume maombi ishirini, na hao hamsini wa mama waache wapumzike. Usikimbilie laini mpya ukaanza kubandika bei tena, nayo itakwenda. Na atakayekuja kusema anakufungulia kwa elfu thelathini umpe tu zile tarakimu, usimpe, huyo ndo anaichukua akaunti mazima.

Ila kwanza mpigie mwenye kianzio sasa hivi, umpe namba ya dereva.

Mviazi wa Isyonje: Nimebonyeza, imeandika wanakagua. Wa Dar nimempigia, kasema gari likifika ndo atajua mimi nani. Lakini mkuu spika ilikuwa WAZI.

Binti Makambako: Kamwene. Mimi nimenunua laini mpya juzi, naiingiza tu nakuta imeshafungiwa na sijamtumia mtu hata salamu. Na mimi kuna wa kofia?

Fundi wa Soweto: Hapana dada, namba isiyotumika muda mrefu huuzwa tena, huenda wa kwanza ndo aliharibu. Omba ukaguzi vilevile, taja siku uliyosajili.

Mama Parachichi: Mimi hao hamsini nilishawaambia, wanaandika.

Kilemba cha Gunia: Mambo ya laini muulizane huko, hicho kilemba kwenye gunia nani analipa? Mkulima!

Binti Makambako: Umesema kweli, huku mahindi nayo debe linajazwa mpaka linamwagika na bei ileile.

Kilemba cha Gunia: Fungua uzi dada, nakuja na picha.